Sera ya faragha ya programu ya simu

Sera ya faragha ni maelezo ambamo mmiliki wa programu ya simu anataja taarifa binafsi anazokusanya, sababu ya kuzikusanya na watu anaowapa. Nchini Tanzania taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023.

Mfano ni mkulima wa alizeti mkoani Singida anayetaka kukopa kwa simu. Kwanza husoma sehemu ya taarifa zinazokusanywa. Jina na namba ya kitambulisho zinahitajika ili kumtambua mkopaji, lakini orodha ya namba za watu zilizohifadhiwa kwenye simu yake haihitajiki kwa kazi hiyo. Halafu hutafuta sehemu inayoeleza nani atapewa taarifa. Maneno kama "washirika wetu", bila majina wala sababu, hayajibu swali hilo. Wakitajwa wakusanya madeni, na orodha ya namba nayo inachukuliwa, ndugu na majirani wanaweza kupigiwa simu akichelewa kulipa.

Mwisho hulinganisha sera na ruhusa ambazo programu inaomba inapofunguliwa. Ikiomba kusoma ujumbe mfupi ilhali sera haiutaji, hiyo ni dalili mbaya.

Hata hivyo, sera nzuri haithibitishi kwamba mkopeshaji ana leseni. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizofanya kazi bila leseni. Malalamiko kuhusu matumizi mabaya ya taarifa hupelekwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.