Kutoka Kavirondo hadi Dunga: Nani humpa mtu jina?

MTU akisimama ufuoni Dunga, viungani mwa jiji la Kisumu, akatazama magharibi, maji anayoyaona yana majina mawili. Wenyeji na ramani za leo husema Ghuba ya Winam. Ramani za zamani, na baadhi ya vitabu vya jiolojia, husema Ghuba ya Kavirondo. Jina hili la pili limekufa midomoni mwa watu, na namna lilivyokufa ina la kutufunza sisi tunaoandika kuhusu makabila, jinsia na ulemavu tukitaka kuwaheshimu watu bila kugeuza kila aya kuwa mahubiri.

Kavirondo halikuwa jina la kabila lolote. Wasafiri wa misafara kutoka pwani walilitumia kwa watu wa upande huu wa ziwa, Wazungu wakalipokea kutoka kwao, kisha serikali ikaliandika katika majalada yake. Asili yake inabishaniwa hadi leo. Kuna wanaodai ati lilitokana na namna watu walivyochutama, lakini maelezo ya aina hii mara nyingi hutungwa baada ya jina kuzoeleka, nami siyaamini. Jambo lililo wazi ni kwamba lilibandikwa watu wa lugha zisizohusiana hata kidogo. Waliokuja kuliona tatizo hilo, kama vile afisa Charles Hobley, hawakuliacha jina. Walilipasua tu, wakapata Kavirondo wa Kibantu na Kavirondo wa Kinailoti. Serikali nayo ikawa na wilaya tatu za Kavirondo: ya Kaskazini, ya Kati na ya Kusini.

Hebu sasa tutazame waliobandikwa jina hilo. Mnamo Desemba 1921, vijana waliosomea Maseno waliitisha mkutano Lundha, katika eneo la Gem. Walilalamikia kodi ya vibanda, kipande na kazi za kulazimishwa, na pia hatua ya 1920 ya kuigeuza nchi kuwa koloni. Wananchi waliliita vuguvugu lao Piny Owacho, yaani ‘nchi imesema’. Lakini chama chenyewe, ambacho mwenyekiti wake alikuwa Jonathan Okwiri, kiliitwa kwa Kiingereza chama cha vijana wa Kavirondo. Mnamo 1923, chini ya Arkidikoni Walter Owen wa kanisa la Kianglikana, kikageuka kuwa chama cha ustawi wa walipa kodi wa Kavirondo. Jina la bwana lilitumika kumdai bwana. Siwalaumu. Mtu akitaka barua yake ifunguliwe, huandika anwani ambayo mwenye ofisi anaifahamu.

Katika miaka ya 1930, baadhi ya wanasiasa wa Kavirondo Kaskazini walianza kulieneza jina Abaluyia kwa jamii nyingi zilizokuwa zikijiita kila moja kwa jina lake: Wawanga, Wabukusu, Wamaragoli, Watiriki na wengineo. Upande wa kusini, Waluo waliunda muungano wao kwa jina lao wenyewe. Wataalamu walichelewa. Kitabu cha mwanaanthropolojia Günther Wagner kilichotoka 1949 bado kiliwaita watu hao Wabantu wa Kavirondo Kaskazini. Lakini kufikia miaka ya 1950 hata wilaya zilikuwa zimeacha jina hilo, zikaitwa Nyanza ya Kaskazini, ya Kati na ya Kusini.

Ninachotaka msomaji akione ni njia iliyotumika. Jina jipya lilienea kwa kutumiwa: katika majina ya vyama, katika barua za madai, katika hesabu za michango ya karo na mazishi. Lilifanya kazi nyingine ndani ya sentensi, na msomaji akalizoea bila kuambiwa kuwa anafunzwa adabu.

Kuna mfano mdogo zaidi unaotusumbua hadi leo. Je, tuandike Mjaluo au Mluo? Katika Dholuo, kiambishi ja- huonyesha mtu mmoja na jo- huonyesha watu wengi: japuonj ni mwalimu, jopuonj ni walimu. Kwa hiyo Jaluo tayari ni mtu mmoja na Joluo ni watu. Kiswahili kilipolichukua Jaluo kikaliongezea kiambishi chake, tukapata Mjaluo na Wajaluo, majina yenye kiambishi cha mtu mara mbili. Kisarufi, Mluo na Waluo ni nadhifu zaidi, na ndiyo ninayoyatumia. Hata hivyo, Mjaluo si tusi. Maelfu ya watu Kisumu hujiita hivyo wanapozungumza Kiswahili, na mwandishi anayemkatiza mwenye jina ili amsahihishe atakuwa amerudia kosa la Kavirondo kwa njia ya upole.

Tusi la kikabila, kwa kweli, mara nyingi halihitaji jina la kabila. Aprili 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilipotoa orodha ya maneno ya chuki kuelekea uchaguzi mkuu, mojawapo lilikuwa ‘watu wa kurusha mawe’. Hakuna kabila lililotajwa hapo, lakini kila Mkenya alijua kidole kinaelekezwa wapi. Ndiyo maana orodha pekee haitoshi. Neno likipigwa marufuku, maana yake huhamia kwa jirani.

Katika ulemavu, swali la nani humpa mtu jina ni zito zaidi kwa sababu sarufi nayo imeingizwa kwenye kesi. Tumezoea kuambiwa kwamba kipofu, kiziwi, kiwete na kilema ni maneno mabaya kwa kuwa yamo katika ngeli ya KI-VI, ngeli ya vitu. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Kiongozi, kijana na kinyozi wana kiambishi hichohicho na hakuna anayeona wamedunishwa. Isitoshe, Kiswahili sanifu husema kipofu ameketi, wala si kipofu kimeketi. Anayesema ‘kilema hiki’ ndiye anayemgeuza mtu kuwa kitu, na hufanya hivyo makusudi.

Tatizo la kilema liko kwingine. Kwanza kabisa neno hili hutaja dosari yenyewe: tunasema mtu ana kilema, au mnyama wa kafara asiwe na kilema. Tukisema mtu ni kilema, tumeichukua dosari tukaifanya iwe mtu mzima. Katika ‘mtu mwenye ulemavu’, mtu hutangulia na ulemavu ukawa jambo moja miongoni mwa mambo aliyo nayo. Nalipendelea kuliko ‘mlemavu’, ingawa mlemavu ana ngeli ya M-WA na bado hutumiwa na wengi kwa nia njema.

Lakini tazama jirani zetu Tanzania. Chama cha wasioona hujiita Chama cha Wasioona, wamelikwepa neno kipofu. Chama cha viziwi hujiita Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, na ile VI- iko palepale. Kwa viziwi wengi, hilo ni jina la jamii yenye lugha yake. Hapa kwetu, Katiba ya 2010 inaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya miongoni mwa lugha ambazo dola inapaswa kuzikuza. Anayeandika ‘watu wenye changamoto za kusikia’ akidhani anawaheshimu, huenda akawa anawapokonya jina walilolichagua. Kifungu cha 54 cha Katiba hiyohiyo kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Hakikutoa orodha ya maneno, na nadhani hilo lilikuwa jambo la busara, maana orodha ya mwaka mmoja huzeeka haraka.

Sasa tuseme mwandishi amekwenda Dunga, amekutana na mchuuzi wa omena, naye anaandika: ‘Mama mmoja Mjaluo, kiwete aliyefungwa kwenye kiti cha magurudumu, anauza omena licha ya ulemavu wake.’ Mhariri mwenye bidii atarekebisha: ‘Mama mmoja kutoka jamii ya Waluo, anayeishi na changamoto ya ulemavu, ametuonyesha kwamba ulemavu si kutoweza.’ Maneno yamesafishwa, mahubiri yameingia, na mama mwenyewe bado hatujamwona. Katika sentensi zote mbili yeye ni somo la watu wengine.

Dawa yake ni kuuliza habari inahitaji nini. Kabila halina kazi hapa, kwa hiyo liondoke. Kiti hakijamfunga, bali ndicho kinachomfikisha sokoni. Na ‘licha ya’ ndipo mahubiri yanapojificha, kwa sababu hutangaza kwamba mwandishi alitarajia mama huyu asiweze. Ikiwa habari ni bei ya omena, ulemavu nao unaweza kuachwa kabisa. Ikiwa habari ni ufuo wenyewe, basi utajwe, tena kwa undani: ‘Mama huyu hutumia kiti cha magurudumu. Njia ya kwenda majini ni mchanga na mawe, kwa hiyo hawezi kufika mtumbwi unapotia nanga, na hununua omena kwa mtu wa pili, kwa bei ya juu.’ Hapo hakuna neno hata moja la kufundisha adabu. Msomaji anaona kwamba kinachomzuia ni mawe.

Jinsia nayo hutaka uangalifu huohuo, ingawa Kiswahili kimetupunguzia kazi. Mvuvi, mchuuzi na mwenyekiti hawana jinsia, na katika Dholuo jalupo, yaani mvuvi, ni vivyo hivyo. Upendeleo wetu hauko sana katika nomino. Uko katika swali la nani anafanywa kiima cha sentensi. Mfano mchungu kandokando ya ziwa ni jaboya, utaratibu ambao mvuvi humwuzia samaki mwanamke kwa sharti la ngono. Neno lenyewe lina ule ule kiambishi ja-, na mara nyingi humtaja mwanamume mwenye samaki. Ajabu ni kwamba likifika katika Kiswahili cha magazeti huwa ‘wanawake wanaouza miili yao ili wapate samaki’. Jaboya ametoweka katika sentensi na mwanamke amebaki peke yake na aibu. Hakuna neno chafu hapo ambalo mhariri angelikata.

Igeuze: ‘Samaki wakipungua, baadhi ya wavuvi huwataka wachuuzi walale nao kabla ya kuwauzia.’ Sasa tunaona mwenye mtumbwi, tunaona upungufu wa samaki, tunaona anayeweka sharti. Katika ufuo wa Nduru, Kaunti ya Kisumu, wanawake walioelewa hivyo walitafuta msaada wakapata mitumbwi yao wenyewe, wakaajiri wanaume wa kuwavulia. Kundi lao walilipa jina la Kiingereza lenye maana ya ‘hakuna ngono kwa samaki’. Hawakungoja mwandishi yeyote awachagulie neno la staha.