Vuli haifiki Sumbawanga

Hivi mtu wa Sumbawanga akisoma gazetini kwamba mvua za vuli zimeanza, aelewe nini? Nje kwake mvua inanyesha kweli. Lakini si vuli. Ufipa hakuna vuli.

Ndugu msomaji, tuanzie pwani, maana huko ndiko maneno haya yalikopata maana yake. Mwaka wa watu wa Unguja, Bagamoyo na Tanga uligawanywa na upepo. Kuanzia kama Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, upepo ulioleta majahazi kutoka Uarabuni. Baadaye huvuma kusi, ulioyarudisha. Pepo hizi zinapopokezana, mvua hunyesha. Ile ya Machi hadi Mei ndiyo masika, mvua kubwa. Ile ya Oktoba hadi Desemba ndiyo vuli, mvua fupi. Kati yake kuna joto la kiangazi, Januari na Februari, na ubaridi wa kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti. Chanzo ni ukanda wa mvua unaolifuata jua: unapita pwani ukienda kusini, kisha unapita tena ukirudi.

Sasa panda hadi uwanda wa Ufipa. Huku kusini-magharibi ukanda ule ukishafika haubanduki kwa miezi kadhaa, na hewa yenye unyevu kutoka upande wa Kongo huuongezea nguvu. Matokeo yake ni mvua moja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili. Baada ya hapo ni ukavu mtupu, na usiku wa Juni na Julai baridi yake si ya mchezo.

Basi maneno ya pwani yalifikaje huku? Kwanza kwa misafara ya biashara. Stanley alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, neno masika aliliandika vilevile, bila kulibadili. Kisha ikaja shule. Mwaka 1930 iliundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki, na Kiswahili sanifu kikajengwa juu ya Kiunguja. Kamusi ya Frederick Johnson ikatoka mwaka 1939. Kwa hiyo mtoto wa Ufipa alifundishwa majira ya Unguja.

Watu hawakukaa kimya. Bara waliliita masika kipindi chote cha mvua, na kiangazi kipindi chote cha ukavu. Hivyo masika ya Sumbawanga yanaanza Novemba, wakati Tanga bado wako kwenye vuli! Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imelimaliza hilo kwa kutoa tabiri tatu: ya Vuli, ya Masika, na ya Msimu. Rukwa imo kwenye Msimu, yaani mvua za Novemba hadi Aprili.

Mkorogano unazidi tunapoyabandika maneno haya kwenye majira manne ya Ulaya. Wapo wanaoita vuli ile miezi ya Ulaya ambayo majani hupukutika, na kipupwe miezi ya theluji. Lakini theluji ya Ulaya ni ya Desemba hadi Februari. Kipupwe chetu ni cha Juni. Neno moja limebeba miezi inayopingana.

Chukua sentensi hii ya mfano: "Wakulima wa Sumbawanga wapande mwanzo wa vuli." Aliyezoea majira ya Ulaya atafikiri Septemba, udongo ukiwa mkavu kama tofali. Mtu wa Tanga atafikiri Oktoba, na atatafuta mbegu ya muda mfupi kwa sababu vuli inaisha Desemba. Mahindi ya nyanda za juu hukaa shambani miezi 5 hadi 6, na mvua ya Ufipa inayatosha. Sentensi sahihi ni: "Wapande mvua za msimu zinapoanza, Novemba." Basi.

Wafipa wenyewe huigawa mvua hiyo moja kwa kazi. Angalia matuta yao ya mviringo, intumba. Hujengwa mvua zikielekea ukingoni, nyasi zikiwa ndefu na udongo ungali laini. Nyasi hufukiwa ndani zioze, na juu hupandwa maharage. Mvua mpya zikianza, tuta husambazwa na ulezi hupandwa. Kwa hiyo ukitafsiri habari ya Ufipa, "msimu wa mvua" peke yake haitoshi. Sema ni mwanzo wa mvua au mwisho wa mvua, kwa sababu tuta linalojengwa mwisho husambazwa mwanzo.

Na habari ya Ulaya je? Andika kinachoonekana pamoja na mwezi: "miezi ya theluji, Desemba hadi Februari", au "majani yanapopukutika, Oktoba". Vuli iachie pwani na kwingine inakonyesha.