Zidaka: Neno Moja na Ukuta Mmoja katika Nyumba za Mawe za Lamu na Pate

Kamusi nyingi za Kiswahili hulieleza neno kidaka kwa maneno machache: ni kishimo kilichoachwa ukutani ili kuwekea taa au vitu vidogo. Maelezo hayo si ya uongo. Lakini msomaji wa tenzi za kaskazini aliye na maana hiyo peke yake hawezi kujua mtungaji alikuwa na nini machoni pake alipotaja zidaka za nyumba za Pate. Kidaka kimoja ni tundu. Zidaka, kwa wingi na kwa matamshi ya Kiamu na Kipate yasemayo zitu na zombo pale ambapo wa kusini wasema vitu na vyombo, ni jina la ukuta mzima.

Kwa umbo lake, kidaka ni udogo wa daka. Nalo daka, katika nyumba ya Lamu, ni kile kipenu chenye mabaraza ya mawe mbele ya mlango wa barabarani, mahali ambapo ukuta umerudi ndani ili watu wapate kuketi. Maana iliyo ya pamoja kwa maneno haya mawili ni ukuta kuingia ndani na kuacha nafasi. (Kidaka kingine, yaani tunda changa la mnazi kabla halijawa kitale, ni habari nyingine, wala hapana haja ya kuzifunga pamoja.) Inafaa basi nyumba yenyewe ifuatwe kuanzia daka kubwa mpaka kufikia madaka madogo, kwa kuwa ndiyo njia aliyoipita mgeni aliyeruhusiwa kuingia.

Nyumba za namna hiyo zilizobaki Lamu ni za karne ya 18 hasa, na mojawapo imetengenezwa upya na Makumbusho ya Taifa ya Kenya ili itazamwe. Ukitoka dakani hupita tekani, ukumbi mdogo uliopindwa ili mtu aliye barabarani asione ndani, kisha hufika kiwandani, uwanja usio na dari. Kuta za nje hazina madirisha ya kutazamia barabara; nuru yote huingia kwa kiwanda. Kutoka hapo vyumba hufuatana kimoja nyuma ya kingine, vyote virefu na vyembamba: misana, kisha ndani, ambacho ni chumba cha bibi wa nyumba. Sakafu huinuka kidogo katika kila hatua, na nuru hupungua. Wembamba wa vyumba haukutokana na kupenda kwa mwenye nyumba. Dari ni la mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko, na boriti hizo, kwa uzito unaobebwa, hazivuki upana wa mita 3 hivi. Tajiri aliweza kuongeza urefu wa chumba na idadi ya vyumba. Upana alipewa na mti.

Ni katika ukuta wa chumba hicho cha ndani ambapo zidaka hupangwa, safu juu ya safu, kutoka karibu na sakafu mpaka karibu na dari, kila kimoja na upinde wake na ukingo wake wa nakshi. Mtu asimamaye kiwandani hutazama kupitia nafasi za misana, na macho yake huishia katika ukuta huo mweupe. Kwa kuwa kila tundu lina kivuli chake, nuru ndogo ifikayo huko huvunjikavunjika, na ukuta ulio karibu huonekana kama kwamba una nafasi nyuma yake. Chumba ambacho boriti zilikinyima upana kimepewa upana wa macho.

Kazi yenyewe ilifanywa kwa chokaa, na hapa pana tofauti ambayo mara nyingi husahauliwa. Katika majengo ya kale zaidi, kama Husuni Kubwa ya Kilwa iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, mapambo yalichongwa katika jiwe lenyewe: tumbawe la baharini, ambalo likitolewa majini huwa laini hata hukatwa kwa shoka, kisha hukauka na kuwa gumu. Gedi nako, alikochimba James Kirkman tangu mwaka 1948, vidaka ni vichache na vidogo, na hapo maana ya kamusi yatosha kabisa. Lakini mafundi wa Pate na Lamu wa karne ya 18 walijenga ukuta kwa mawe magumu ya nchi kavu, wakayafunika kwa chokaa, na nakshi wakaikata katika chokaa hiyo ilipokuwa bado mbichi kiasi. Mwenye kutaka kuhakikisha na atazame mahali palipovunjika: tumbawe lililochongwa huonyesha vitundu vyake vya asili hata chini ya ukingo wa nakshi, chokaa huonyesha chembe za mchanga, na ua hukatika pamoja na ganda lake.

Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo la magogo, kisha kuyazima kwa maji na kuyaacha yapoe kwa miezi mingi. Fundi hakuwa na muda mrefu baada ya kuipaka. Akikata mapema mno, makali ya nakshi huanguka; akichelewa, chokaa humeguka vipande. Ndiyo sababu michoro mingi hurudia maumbo machache, yenye mikato ya mteremko ambayo kisu huweza kuimaliza upesi. Baadaye kila kizazi kilipaka chokaa nyeupe juu ya ile ya kwanza, na katika kuta nyingi mikato imejaa hata ua halitambulikani ila kwa kupapasa. Saruji imeleta madhara makubwa zaidi: ikipakwa juu ya ukuta wa matumbawe huzuia unyevu kutoka, na chumvi huisukuma nakshi mpaka ikabanduka.

Zidaka ziliwekwa sahani na bakuli za Kichina, na vitu vingine vya thamani. Linda Donley-Reid, aliyefanya utafiti Lamu, aliona kwamba vyombo hivyo na ukuta wenyewe vilikuwa pia kinga dhidi ya husuda na mabaya katika chumba kilichohusika na ndoa na uzazi. Rai hiyo yaelekea kuwa na nguvu, maana mapambo ya nyumba nzima yamekusanywa mahali ambapo wageni wengi hawakufika kamwe. Mwenye kutaka kujionyesha tu angelianza na ukuta wa barabarani, nao uliachwa mtupu.

Sasa na turudi kwa mtungaji. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, akieleza kuanguka kwa Pate, asema kwamba zidaka zilizokuwa na vyombo sasa hulaza makinda ya ndege wa mwituni. Msomaji wa kamusi huona tundu na kiota, akapita. Lakini ukuta huo ulikuwa katika chumba cha mbali kabisa na nje, nyuma ya daka, tekani, kiwanda na misana, chini ya dari nzito. Ndege hawafanyi makao huko nyumba ikiwa nzima. Kwa neno moja ameeleza kwamba boriti zimeoza, dari limeanguka, na chumba cha bibi, ambacho mgeni hakuruhusiwa kukitazama, kimekuwa wazi kwa anga. Naye hakukosea katika mambo ya ujenzi: maji yakishapita darini, chokaa ya nakshi ndiyo huanguka kwanza, na yale matundu yenyewe, kwa kuwa yamo ndani ya unene wa ukuta, hubaki yamesimama miaka mingi baada ya maua yake kwisha.