Tundu la kuchajia la umma

Ni tundu la USB lililowekwa ukutani au mezani, katika viwanja vya ndege na mikahawa, ili watu wachaji simu. La kawaida lina njia 4: mbili za umeme wa volti 5, mbili za data. Kupitia hizo za data, kompyuta iliyofichwa nyuma ya tundu inaweza kujaribu kunakili faili. Hatari hiyo ilionyeshwa Las Vegas mwaka 2011, katika mkutano wa DEF CON, ingawa wizi uliothibitishwa ni nadra mno. Msafiri wa Likasi anayesubiri ndege Luano, Lubumbashi, akiona simu inamuuliza kama anaiamini kompyuta, aichomoe mara moja. Ikichomekwa kwenye chaja tupu, simu haiulizi hivyo. Adapta ya umeme pekee haina njia za data, lakini baadhi ya simu huchaji polepole nayo. Chaja yako mwenyewe kwenye soketi ya ukutani ni salama zaidi.