Sindano Ambayo Hakuna Aliyeidunga

Kila mwaka wanafunzi wangu huniandikia hadithi ileile katika insha zao. Hapo zamani, wanasema, wataalamu waliamini kwamba chombo cha habari ni sindano: ujumbe hudungwa, damu huupokea, na hadhira yote huugua au hupona kwa pamoja. Kisha wakaja wataalamu werevu zaidi, wakagundua kwamba hadhira ina akili zake. Hadithi ni nzuri, inakumbukika, na mtihani hupita. Kasoro yake ni kwamba sehemu ya kwanza haikutokea hivyo, na kutokutokea kwake kunatuhusu hata sisi tunaoandika sera na miswada ya sheria za habari.

Tafuta mtafiti wa miaka ya 1920 au 1930 aliyeandika kitabu akitetea nadharia ya sindano, nawe utarudi mikono mitupu. Harold Lasswell, ambaye hutwishwa mzigo huo mara nyingi, mwaka 1927 aliandika juu ya propaganda ya Vita Kuu ya Kwanza kwa lugha nzito yenye tamathali nyingi, lakini alijua vyema kwamba propaganda hushika pale ilipokuta chuki na hofu zilizokwishakuwepo. Mwanahistoria Michael Sproule alionyesha mwaka 1989 kwamba taswira ya sindano na ndugu yake, risasi ya ajabu, ilikolezwa baadaye na kizazi kilichofuata. Kizazi hicho kilihitaji mpinzani mjinga ili ugunduzi wake uonekane mkubwa. Imani ya sindano ilikuwepo kweli, ila makazi yake yalikuwa kwingine: katika hofu za wazazi, magazeti na watawala.

Tazama usiku wa tarehe 30 Oktoba 1938, ambao husimuliwa kama ushahidi mkuu wa sindano. Orson Welles na wenzake walitangaza kupitia redio ya CBS mchezo wa uvamizi wa viumbe kutoka Mirihi, wakiuigiza kwa mtindo wa taarifa za habari. Kesho yake magazeti yaliandika kwamba taifa zima la Marekani lilikimbia ovyo. Magazeti hayo yalikuwa yakinyang'anywa matangazo ya biashara na redio, na wanahistoria Jefferson Pooley na Michael Socolow wamehoji, kwa haki, kwamba yalikuwa na sababu ya kuikuza hofu ile. Uchunguzi wa simu uliofanywa usiku uleule uliwakuta wasikilizaji wa mchezo huo kuwa takriban asilimia 2 tu ya waliopigiwa.

Hadley Cantril wa Princeton, akisaidiwa na Hazel Gaudet na Herta Herzog, aliwahoji kwa kina watu 135 wa jimbo la New Jersey. Wengi wao walichaguliwa kwa sababu ilijulikana kwamba waliogopa, na hiyo ni kasoro ya kukumbukwa: aliyekwenda kutafuta walioogopa asishangae akiwapata. Kitabu kilichapishwa mwaka 1940 kikikadiria kwamba waliosikiliza walikuwa angalau milioni 6, na walioogopa angalau milioni 1. Hata tukikubali makadirio hayo, watu 5 kati ya 6 hawakuogopa. Kwa hiyo swali lililombana Cantril halikuwa nguvu ya redio kwa jumla. Lilikuwa hili: kwa nini huyu aliogopa na yule hakuogopa?

Alichogundua hakisahauliki. Wapo waliobadili stesheni, au waliofungua gazeti kutazama ratiba ya vipindi, wakatulia. Wengine nao walichunguza, lakini uchunguzi ukazidi kuwathibitishia hofu yao. Mmoja alichungulia dirishani akaona magari tele barabarani, akahitimisha kwamba watu wanakimbia. Mwingine alichungulia akaona barabara tupu, akahitimisha kwamba njia zimeharibiwa na magari yamekwama. Ushahidi mbili zinazopingana, hitimisho moja. Hapo sindano haionekani. Anaonekana mtu anayefasiri anachokiona kwa msaada wa hofu aliyo nayo tayari, katika mwaka ambao Ulaya ilikuwa ikinusa vita.

Paul Lazarsfeld, mhamiaji kutoka Vienna aliyeongoza mradi wa utafiti wa redio ambamo kazi ya Cantril ilifanyika, alitaka kipimo kilicho imara zaidi kuliko mahojiano ya baada ya tukio. Mwaka 1940 Roosevelt aligombea urais dhidi ya Wendell Willkie. Lazarsfeld na wenzake wakaichagua wilaya ya Erie katika jimbo la Ohio, wakateua kundi la watu 600, wakawahoji walewale kila mwezi kuanzia Mei hadi Novemba. Ubunifu ulikuwa katika neno hilo "walewale". Ukihoji watu wapya kila mwezi, unaweza kuona Roosevelt amebaki na asilimia ileile ukadhani hakuna kilichotokea, kumbe watu 50 wamehama kwenda na wengine 50 wamehama kuja. Ukimrudia mtu yuleyule, unamwona anapoyumba, na unaweza kumuuliza nini kilichomyumbisha. Watafiti walijua pia hatari ya njia hiyo: mtu anayehojiwa kila mwezi huanza kufuatilia siasa kwa sababu tu anahojiwa. Ndiyo maana walikuwa na makundi mengine ya kulinganisha, yaliyohojiwa mara chache.

Matokeo yaliyotolewa mwaka 1944 yaliwavunja moyo wauzaji wa kampeni. Waliohamishwa kutoka chama kimoja kwenda kingine walikuwa takriban asilimia 8. Kwa nusu hivi ya watu, kampeni ilifanya kazi ya kuwaimarisha pale walipokuwa tangu Mei. Waliosikiliza sana hotuba ni wale waliokwisha kuamua, nao walimsikiliza zaidi mgombea wao wenyewe. Wale wasio na msimamo, ambao kampeni iliwatafuta kwa udi na uvumba, ndio waliosikiliza kidogo kuliko wote. Na siku yoyote ile, watu waliozungumza habari za uchaguzi na wenzao walikuwa wengi kuliko waliosikia hotuba au kusoma tahariri. Lazarsfeld akapendekeza kwamba mawazo hutoka redioni na magazetini kwenda kwa watu fulani wanaofuatilia mambo, kisha kutoka kwao kwenda kwa majirani. Watu hao hawakuwa lazima wakubwa wa mji. Katika kila tabaka alikuwepo mtu ambaye wenzake humuuliza, "Wewe unaonaje?"

Hapa ndipo wanafunzi wengi hufunga daftari, wakiwa wameshika kwamba vyombo vya habari vina athari ndogo. Todd Gitlin aliukosoa mkataa huo vikali mwaka 1978, nami niko upande wake kwa sehemu kubwa. Erie ilipima jambo moja: je, kwa miezi saba, ujumbe wa kampeni ulibadili kura ya mtu? Haikupima ni nani aliyeamua mambo yapi yajadiliwe, wala yapi yasitajwe kabisa. Redio inayokuimarisha katika msimamo wako kwa miaka 20 haitaonekana katika kipimo kinachohesabu waliohama tu. Kumwita mtu "hakuathirika" kwa kuwa hakubadilika ni sawa na kusema uzio hauna kazi kwa kuwa ng'ombe hawakutoka.

Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaika aliyefundisha Birmingham, aliligeuza swali hilo mwaka 1973. Kwake, mtayarishaji husimba maana katika kipindi, na mtazamaji huisimbua, lakini hakuna sheria inayowalazimisha wakutane. Mtazamaji aweza kuipokea maana kama ilivyokusudiwa, aweza kuafikiana nayo kwa masharti, au aweza kuielewa barabara na kuikataa. Maneno haya matatu yamekaririwa mno vyuoni, mara nyingi bila kazi iliyoyapima. Kazi hiyo aliifanya David Morley, aliyeyaonyesha makundi 29 ya watu vipindi vya Nationwide, kipindi cha habari za jioni cha BBC, kisha akawasikiliza wakizungumza. Alichapisha matokeo mwaka 1980.

Ikiwa tabaka ndilo linaloamua usomaji, vijana wanagenzi wa viwandani wangepaswa kusoma kama wawakilishi wa vyama vya wafanyakazi. Sivyo ilivyokuwa. Wanagenzi walikaribiana zaidi na mameneja wa benki, huku wawakilishi wa wafanyakazi wakikipinga kipindi hoja kwa hoja. Tofauti haikuwa mshahara tu. Wawakilishi walikuwa na chama kilichowapa lugha ya kupinga. Na wanafunzi weusi wa vyuo vya kati hawakukubali wala hawakupinga. Kipindi hakikuwahusu, wakanyamaza. Ukimya huo haukuwa na chumba katika nyumba ya Hall yenye vyumba vitatu, na kwangu mimi ndio ugunduzi mkubwa wa kitabu kizima.

Waliofuata walilewa kidogo. Zikaandikwa tafiti zinazomshangilia mtazamaji kana kwamba kila anayecheka mbele ya televisheni anafanya mapinduzi. Morley mwenyewe alionya baadaye kwamba uwezo wa kufasiri upya kipindi sebuleni haulingani na uwezo wa shirika linaloamua kipindi gani kirushwe.

Kwetu Tanzania tuna jaribio ambalo ningependa lisomwe sambamba na Erie. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na Ukimwi. Mhusika wake Mkwaju, dereva wa lori, aliishi ovyo na kuambukizwa. Mkewe Tunu akaanza kujitegemea kwa biashara ndogo. Everett Rogers na wenzake, pamoja na mtafiti Mtanzania Ramadhani Swalehe, walitumia nafasi isiyopatikana mara nyingi: kituo cha Dodoma kilirusha vipindi vingine saa ya mchezo hadi mwaka 1995, ndipo nacho kikaanza kuurusha. Watu walihojiwa kila mwaka, na rekodi za kliniki zikatazamwa pia, maana mtu humjibu mhojaji kile anachodhani kinampendeza. Matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kwanza kule mchezo uliposikika, na Dodoma yakapanda baada ya zamu yake kufika.

Mwenye imani ya sindano atashangilia hapo. Lakini mawimbi ya redio hayatii mipaka ya mikoa, huduma za kliniki ziliendelea kupanuka kote, na aliyeamua kusikiliza huenda alikuwa tayari anawaza kupanga uzazi. Dodoma kubadilika baada ya zamu yake ndiko kunakopunguza mashaka hayo, bila kuyamaliza. Na walipofuatilia njia ambayo athari ilipitia, watafiti walikuta mazungumzo: mke na mume waliozungumza juu ya idadi ya watoto baada ya kipindi, marafiki waliomjadili Mkwaju kama wanamjua. Redio ilianzisha mjadala, jirani akaumalizia, na kliniki ilibidi iwe na dawa siku mama alipofika.

Ndugu zangu watumishi wa umma huandika katika maelezo ya miswada kwamba maudhui fulani "yatapotosha wananchi". Ndugu zangu wanaharakati huandika katika maombi ya fedha kwamba matangazo 40 ya redio "yatabadilisha mtazamo wa jamii". Wanapingana katika kila jambo isipokuwa sindano. Mswada au ombi la namna hiyo likipita mezani kwangu, huuliza: wananchi gani, wakisikiliza pamoja na nani, wakiwa na lugha gani ya kukataa, na mtajuaje bila Dodoma yenu?