Usubi

Hapa kisiwani kwetu, mtaani Kuze, ukitaja usubi, mtu hufikiria vijidudu viumavyo. Tanzania neno hilo hilo ndilo jina la ugonjwa, upofu wa mtoni. Mwambukizaji ni nzi mdogo mweusi mwenye kibyongo, anayezaliana kwenye maji yaendayo kasi tu. Ndiyo maana kisiwani kwetu hayuko.

Akiuma huacha minyoo. Minyoo ikikomaa hukaa ndani ya vinundu chini ya ngozi, na jike huzaa vijiminyoo maelfu kwa maelfu. Vikiwa hai, mwili huvivumilia kwa kiasi kikubwa. Vikifa ndipo balaa huanza: mwili huvishambulia, ngozi ikawasha mpaka usingizi ukakimbia. Vikifia kwenye konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, huacha vidoa vyeupe, na miaka ikipita vidoa huungana, mtu asione. Ivermektini huua vijiminyoo, si mama zao, kwa hiyo hurudiwa kila mwaka.

Kenya ilimtokomeza nzi huyu huko Nyanza, bonde la Kodera likiwemo, kwa kutia DDT mitoni kuanzia miaka ya 1940. Mwaka 1950 ndipo ikagunduliwa kwamba viluwiluwi vyake huishi vimejishika kwenye magamba ya kaa wa mtoni.