Odio ya « dawa ya mpox » imefika ku grupe: namna ya kuipima mbele ya kuituma

Tangu aina mpya ya virusi vya mpox ilipoonekana Kamituga, teritware ya Mwenga, Kivu Kusini, mwezi wa 9 mwaka 2023, telefone zetu hazijapumzika. Odio, mafoto na maandiko vinatoka Bukavu, vinafika Goma na Uvira, vinarudi tena Bukavu vikiwa na jina lingine. Hapa tunachukua aina moja tu, ile ya dawa ya nyumbani, na tunaipima kipande kwa kipande. Maneno haya hatukuyatoa ku grupe fulani, ila wasikilizaji wetu wataitambua sauti yake:

« Bandugu na badada, niko munganga ku hospitali kubwa. Mpox haina dawa kule. Muchukue chumvi, vijiko bitatu, na ndimu, muchemushe, mutoto na mukubwa banywe asubui na mangaribi. Mu siku chache bipele binakauka. Musiende ku hospitali, kule banawatia sindano ya kuua. Tuma ku magrupe yote mbele haijafutwa! »

Kwanza uangalie juu ya ujumbe wenyewe. Kama telefone yako iko mu Kifaransa, WhatsApp inaandika « Transféré », na kama umepita mikono mingi inaandika « Transféré de nombreuses fois », na mishale miwili. Maana yake ni kwamba ujumbe umetumwa kutoka grupe mpaka grupe mara tano au zaidi. Ujumbe wa namna hiyo unaweza kuutuma ku grupe moja tu kwa mara moja. WhatsApp iliweka mpaka huo mwaka 2020. Basi shemeji aliyekuletea siye aliyeitengeneza, na pengine hata hajui imetoka wapi. Lakini alama hii ina mwisho wake. Mtu akikopi maandiko na kuyabandika upya, inapotea. Na ujumbe wa kweli pia unaweza kupita mikono mingi. Alama inakuambia njia, haikuambii ukweli.

Pili, uulize: ni nani anasema, wapi, siku gani? « Munganga ku hospitali kubwa » hana jina, hospitali haina jina, tarehe hakuna. Tangazo la kweli la afya linatoka kwa mtu ambaye unaweza kumfuata: daktari mkuu wa zone ya afya, ofisi ya afya ya jimbo, wizara. Linataja mahali na siku. Odio isiyo na tarehe inaweza kuwa ya miaka mingi, na inafufuka kila ugonjwa unapokuja. Chumvi yenyewe si mpya. Mwezi wa 8 mwaka 2014, wakati wa Ebola, ujumbe kama huu ulizunguka Nigeria ukisema maji ya chumvi yanazuia ugonjwa. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilitangaza kwamba watu wasiopungua wawili walikufa kwa kuyanywa. Chumvi nyingi inavuruga maji ya mwili, na mtoto mdogo mwenye homa ndiye wa kwanza kuumia.

Tuingie sasa mu dawa yenyewe, juu hapo ndipo watu wengi wananaswa. Utasikia mama anasema mu odio nyingine: « Mimi nilikunywa, nikapona. » Pengine hasemi uongo. Mpox inaleta homa, kichwa kuuma, matezi kuvimba, kisha vipele. Na kwa watu wengi inaisha yenyewe kati ya wiki mbili na nne. Mtu akianza chumvi na ndimu wiki ya pili, atapona wiki ya tatu au ya nne, na sifa zote zitaenda ku ndimu. Ushuhuda wa mtu mmoja hauwezi kututenganishia mambo hayo mawili. Nami naona hapo ndipo uongo huu una nguvu kuliko mwingine wote: anayeusambaza ana nia njema.

Hasara inakuja kwa wale ambao haingekwisha yenyewe: watoto wadogo, mama mwenye mimba, mtu ambaye kinga yake ni dhaifu. Hao wanahitaji munganga mapema, kwa maji, kwa maumivu, kwa vidonda vilivyoingia uchafu. Tena vipele si mpox kila mara. Surua, tetekuwanga na upele wa kujikuna vinaweza kufanana nayo kwa macho. Na mgonjwa anayengoja siku za ndimu analala na wengine ku mkeka mmoja, shuka moja, wakati ugonjwa unapita kwa kugusana ngozi kwa ngozi na kwa vitu vilivyomgusa.

Na « sindano ya kuua »? Chanjo ya mpox ilianza kutolewa Goma tarehe 5 mwezi wa 10 mwaka 2024. Inaweza kuleta maumivu ya mkono, uchovu na homa kidogo, siku chache. Wengine wanasema ugonjwa huu uliletwa na chanjo za korona. Hesabu tarehe tu: mtu wa kwanza duniani aliyejulikana kuwa nayo alikuwa mtoto wa Basankusu, Équateur, humu kwetu Kongo, mwaka 1970.

Kama ni foto, tafuta umri wake. Iweke mu telefone, fungua Google, gusa kamera ndogo ya Google Lens, uchague foto hiyo. Ukiwa na video, piga foto ya ekrani kwanza. Halafu usitazame jibu la juu tu. Tafuta mahali foto ilionekana zamani zaidi. Mafoto mengi ya mpox yanayozunguka yalipigwa humu Kongo miaka ya 1996 na 1997. Vidonda ni vya kweli, lakini anayeandika « jana, Bukavu » anadanganya. Usipopata kitu, usiseme ni ya kweli. Pengine ni mpya tu, au haijawekwa mu mtandao.

Kwa maandiko na odio, andika maneno makubwa mu Google, kwa Kifaransa pia, juu majibu mengi yako mu lugha hiyo:

```
mpox sel citron
```

Congo Check, waandishi wa humu nchini wanaopima habari, wanaweza kuwa wameshajibu. Ukiwa bila mega, piga simu kwa reko wa avenue yako au kwa munganga mkuu wa kituo cha afya. Usiulize « ni kweli? ». Uliza: « Muli na wagonjwa wa mpox? Mtoto akiwa na vipele tumlete wapi? » Swali la namna hiyo linapata jibu unaloweza kutumia hata kama odio haijulikani.

Wakati wa kujibu ku grupe, usirudishe odio ile na neno « uongo » chini yake. Atakayeifungua atasikia dawa, neno lako hataliona. Andika mistari miwili: chumvi haitibu mpox, mtoto mwenye homa na vipele apelekwe kituo fulani. Kama aliyetuma ni papa au mukubwa, mwandikie pembeni: « Papa, tuliuliza munganga, anasema hivi. » Mbele ya watu wote atatetea heshima yake, si odio. Anayesimamia grupe anaweza kufuta ujumbe kwa wote, « Supprimer pour tous ». Lakini waliokwisha kuituma ku grupe lingine bado wanaituma, na huko anayesimamia ni mwingine.